Kodi ya dim na kodi ya aug: zinavyojengwa na zinakokaa ndani ya ki

Kodi ya noti tatu hupatikana kwa kuruka: unashika noti, unaruka inayofuata, unashika nyingine, unaruka, unashika ya tatu. Kwa mfano C, E, G. Tabia ya kodi huamuliwa na upana wa miruko hiyo miwili. Upana hupimwa kwa nusutoni, yaani mwendo wa kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi cha jirani yake, kiwe cheupe au cheusi. Meja ni nusutoni 4 kisha 3. Maina ni 3 kisha 4. Miruko yote miwili ikiwa ya 3, kodi imebanwa, na skrini ya kinanda huandika dim. Yote miwili ikiwa ya 4, kodi imetanuliwa, nayo huandikwa aug.

Wanaoanza hukosea sana hapa kwa kuihesabu noti wanayoanzia kuwa ndiyo moja. Ukianzia C, moja ni C shapu, yaani C iliyopandishwa nusutoni, mbili ni D, tatu ni E flati, yaani E iliyoshushwa nusutoni. Basi C dim ni C, E flati, G flati, na C aug ni C, E, G shapu.

Ki ni kundi la noti ambazo wimbo umejengwa juu yake. Katika ki ya meja hakuna mengi. Panga kodi juu ya kila noti ya C meja, kwa vitufe vyeupe tu, utapata dim moja, B D F, juu ya noti ya saba. Aug hutaipata hata moja, kwa sababu hakuna mahali ambapo miruko miwili ya nusutoni 4 inafuatana.

Utamu uko kwenye maina ambayo noti yake ya saba imepandishwa, na wapigaji wa taarab wanaijua bila kuiita hivyo. Maqamu ya Hijazi, yaani mpangilio wa noti, kutoka D ni D, E flati, F shapu, G, A, B flati, C. Zianzie noti hizohizo kwenye G, unayo G maina yenye saba iliyopandishwa, ambayo ni F shapu. Noti hiyo moja ndiyo inayozaa aug: B flati, D, F shapu, juu ya noti ya tatu ya G maina. Dim nazo ni mbili: A, C, E flati juu ya noti ya pili, na F shapu, A, C juu ya noti ya saba.

Sasa tazama kosa linalosikika mara nyingi. Fidla na ganuni zimetua kwenye F shapu, mwimbaji kaivuta, na mpiga kinanda anaona kodi ya B flati ingefaa. Anabonyeza B flati meja kwa mazoea. Ndani yake mna F ya kawaida, nusutoni moja tu chini ya F shapu ya mwimbaji, na zinagongana. Aliyesikia hudhani mwimbaji ameteleza, kumbe kidole cha kinanda ndicho kilichokosea. Kipandishe kidole hicho kitufe kimoja, unapata B flati aug, na mgongano unakwisha. Tuni ikipanda kwenda G, kidole kilekile nacho kipande tena kitufe kimoja, viwili vingine vibaki palepale: B flati, D, G, ambayo ni G maina iliyogeuzwa, yaani noti yake ya chini si G.

Aug ina tabia moja ya kuangalia. Oktava, yaani kutoka noti hadi ya jina lilelile juu yake, ina nusutoni 12, na aug huigawa mara tatu sawasawa, kwa hiyo B flati aug, D aug na F shapu aug ni vitufe vilevile. Sikio peke yake halitakwambia mzizi, yaani noti ambayo kodi imejengwa juu yake, ni upi. Ki ndiyo inayokwambia.

Dim kazi yake ni kusukuma. Katika F shapu, A, C, ile F shapu inataka kupanda G, na C inataka kushuka B flati. Ziache zifanye hivyo, A nayo ihamie D, umefika G maina. Usiirudie F shapu kwa mkono wa kushoto, maana zote mbili zitapanda pamoja na G itazidi nguvu.

Mwenye akodiani aangalie jambo moja. Katika akodiani nyingi zenye safu ya dim upande wa besi, kitufe cha C dim hakitoi G flati; kinatoa C, E flati na A. Hiyo kwa hakika ni A dim iliyogeuzwa. Vivyo hivyo kitufe cha A dim kinatoa A, C na F shapu, yaani F shapu dim. Kwa Hijazi ya D, basi, dim zote mbili unazipata kwa vitufe hivyo viwili.

Hesabu hii yote husimama pale ambapo noti zote za maqamu zipo kwenye kinanda. Katika Bayati ya D, noti ya pili iko kati ya E flati na E, na hakuna kitufe chake. Hapo kodi yoyote yenye E au E flati itapishana na udi. Ni bora kinanda kishike D na A tu.