Je, wajua tangazo lililoongoza huenda limebahatika tu?

"Dada, nimebusti matangazo mawili ya udi, kila moja limeonwa na watu elfu moja. La picha ya chetezo limeniletea meseji 12, la picha ya kopo 7. Mbona unasema bado haijajulikana lipi bora?"

Kwa sababu meseji ziko 19 tu. Wale elfu mbili wasikubabaishe, wengi wao wamepitisha kidole wakaenda zao. Wanaokupa habari ni hao 19 waliokuandikia, na kwa watu 19 pengo la 5 bahati peke yake inalileta bila shida.

Wifi yangu ndo kauliza, yeye anapika udi wake nyumbani hapa Wete na anauza kwa WhatsApp, na namwelewa kabisa kwa sababu mie mwenyewe kosa hili nimelifanya muda mrefu. Nilikuwa nikisoma "watu 1,000" naona kama skuli nzima imesimama uwanjani, nasema hapa nishapata jibu, nalizima tangazo lililoshindwa na hela zote naziweka kwenye lililoshinda. Baada ya wiki mbili meseji zinarudi kuwa zile zile. Nikawa nalaumu msimu, nalaumu mtandao, kumbe tangazo langu halikuwahi kushinda. Nilikuwa nahesabu walioona badala ya kuhesabu waliojibu.

Tulitazame kwa sarafu. Chukua shilingi 200, upande mmoja Mzee Karume, upande wa pili simba. Sasa chukulia matangazo yale mawili yana nguvu sawasawa kabisa, hakuna linalomzidi mwenziwe hata chembe. Kwa vile yameonwa na watu idadi moja, kila meseji inayoingia ina nafasi sawa ya kutoka la chetezo au la kopo, yaani ni sarafu imerushwa mara moja. Meseji 19 ni kurusha mara 19. Karume akitokea andika chetezo, simba akitokea andika kopo. Ukirudia mchezo huo mara mia, kama mara 36 utapata 12 kwa 7 au pengo kubwa zaidi, upande huu au ule. Zaidi ya thuluthi, na sarafu haina upendeleo wowote! Jaribu leo barazani na watoto, mie nilipojaribu ndo nikaamini, maana kusoma peke yake hakukuniingia.

Ingekuwa 15 kwa 4 hapo ningekaa vizuri, sarafu ya haki inatoa pengo kama hilo au zaidi mara 2 tu katika 100. Na ingekuwa 120 kwa 70, uwiano ule ule wa wifi yangu ila mara kumi, basi sarafu inatoa hivyo chini ya mara moja katika 1,000.

Sasa kwa nini uwiano ni ule ule na imani inabadilika hivi? Hapa ndo pananipendeza kuliko pote. Fikiria uko kwenye ngalawa umeshusha tanga. Mawimbi yanakurusha, mara kulia mara kushoto, na chini kuna mkondo mdogo unaosukuma upande mmoja tu. Dakika mbili za mwanzo huwezi kujua kama kilichokusogeza ni wimbi au mkondo. Kaa saa nzima, mawimbi yamekuwa yakifutana wenyewe kwa wenyewe, huyu anapeleka huyu anarudisha, lakini mkondo haujarudisha hata mara moja, kwa hiyo ukitazama pwani unaona wazi umepelekwa wapi. Bahati ndo mawimbi, ubora wa tangazo ndo mkondo. Kwa hesabu, meseji 19 zinayumba kwa kawaida kiasi cha 4, na meseji 190 zinayumba kiasi cha 14, hazifiki 40. Meseji zimeongezeka mara kumi, kuyumba kumeongezeka mara tatu tu na kitu, na pengo la kweli limetoka 5 hadi 50.

Hizo 4 na 14 ni kipeuo cha pili cha jumla ya meseji, kile kialama cha √ kwenye kalkuleta ya simu. Kwa hiyo kuna njia ya haraka: jumlisha meseji zote, tafuta kipeuo, zidisha kwa 2, na pengo lako lizidi hapo, maana sarafu ya haki inapita hapo kama mara 5 tu katika 100. Kwa 19 ni kama 8.7, wifi ana 5, bado. Kwa 190 ni kama 27.6, pengo 50 linapita. Ila njia hii inataka matangazo yawe yameonwa na watu sawa, na meseji zikiwa chini ya 20 inalegea: 14 kwa 5 inapita hapo, lakini ukihesabu kwa sarafu, bahati inatoa hivyo mara 6 katika 100, kwa hiyo usiitegemee sana.

Kuna kosa jingine, la kuchungulia. Unafungua simu kila asubuhi, siku pengo likipita kipimo unasimamisha testi na kutangaza mshindi. Ni sawa na mtu anayerusha sarafu akasema tunasimama pale nitakapotangulia, lazima siku moja atatangulia. Kipimo kilichotakiwa kikudanganye mara 5 katika 100, ukikichungulia mara kumi huku uko tayari kusimama, kinakudanganya kama mara 19. Kwa hiyo idadi ya watu inapangwa kabla, na hesabu inasomwa mwisho.

Idadi ipi sasa? Inategemea pengo unalolitafuta. Tangazo la wifi linaleta kama meseji 1 kwa kila watu 100. Akitaka kugundua jipya linaloleta mara mbili ya hapo, anahitaji kama watu 2,300 kila upande. Akitafuta la kuleta moja na nusu, karibu 7,800 kila upande. Na akitafuta ongezeko la sehemu moja ya kumi tu, ni zaidi ya 160,000 kila upande, hiyo kwa muuza udi wa Wete isahau. Na hata kwa idadi hizo, pengo likiwepo kweli utaliona kama mara 8 katika 10, mara mbili litakuponyoka.

Na watu wagawiwe kwa haki. Ukiweka matangazo mawili chini ya bajeti moja Facebook, mfumo unaanza mapema kumimina hela kwa lile unaloliona linaelekea vizuri, halafu walioona hawawi sawa tena. Tumia kile wanachoandika A/B test, kinagawa watu ili kila mmoja aone moja tu. Hata hapo mfumo unaweza kutafutia kila tangazo aina yake ya watu, kwa hiyo matokeo yachukulie ni ya tangazo pamoja na watu wake. Yote mawili yaende siku zile zile, wiki kamili, maana udi wa Alhamisi jioni na udi wa Jumatatu havilingani.

Wifi bajeti yake inafika watu 2,300 kila upande basi. Nikamwambia habari ya chetezo au kopo aiweke kando, pengo lake huenda dogo mno kuonekana kwa hela hiyo. Kachagua kupima tangazo lenye bei na "naleta hadi mlangoni" dhidi ya lile la zamani lisilo na bei. Ameanza Jumamosi, wiki mbili, na idadi kaiandika kwenye karatasi kaibandika juu ya friji.