Sukari ilipoadimika: mstari upi unahama kwenye mchoro?

Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilivuruga uvunaji wa miwa Tanzania, na sukari ikapanda bei. Ni kisa kizuri kwa insha ya mwanafunzi anayeanza uchumi, kwa kuwa chanzo chake kiko upande mmoja tu wa soko.

Anza na mchoro kabla ya mvua. Bei huwekwa kwenye mhimili wa wima, kiasi kwenye mhimili wa mlalo. Chora mstari wa mahitaji D ukishuka kuelekea kulia na mstari wa ugavi S1 ukipanda, halafu kutoka pale vinapokutana shusha nukta nukta hadi kwenye mihimili: P1 na Q1. Tuseme, kwa mfano tu, P1 ni shilingi 3,000 kwa kilo na Q1 ni tani 60 kwa siku.

Miwa isipofika kiwandani, kiasi kinachouzwa hupungua kwa kila bei. Hivyo S2 huchorwa kushoto kwa S1. Wengi husikia "ugavi umepungua" wakausogeza mstari chini. Huko ni kuuongeza ugavi. Pima mlalo, si wima.

Sasa eleza, maana mchoro peke yake haupati alama nyingi. Ugavi ukipungua tani 30, kwa bei ya 3,000 sokoni zitakuwepo tani 30 huku wanunuzi wakitaka 60. Upungufu huo ndio unaosukuma bei juu. Bei inapopanda, baadhi ya wanunuzi hupunguza kiasi, na wenye sukari wanavutiwa kutoa zaidi. Tuseme kila ongezeko la shilingi 1,000 hupunguza ununuzi kwa tani 15 na kuongeza uuzaji kwa tani 15: bei itatulia 4,000, kiasi tani 45. Angalia kwamba mstari umehama tani 30 lakini kiasi kimeshuka 15 tu. Mchoro ukionyesha Q2 imeshuka tani 30 nzima, aliyeuchora amesahau kupandisha bei.

Kosa linalotuchosha zaidi tunaposahihisha ni hili: "Bei ilipanda, mahitaji yakapungua, bei ikashuka tena." Mstari D haukuhama popote. Wanunuzi wamepanda juu yake kutoka nukta moja hadi nyingine, kwa hiyo andika "kiasi kinachohitajiwa kilipungua". D ingehama kama kingebadilika kitu kingine, mfano kipato cha wanunuzi au idadi yao.

Serikali iliruhusu sukari kutoka nje na pia ikatangaza bei elekezi. Usivichore kwa namna moja. Sukari ya nje huurudisha ugavi kulia. Bei elekezi haihamishi mstari wowote. Ni mstari mlalo, na ukiuweka 3,000 wakati ugavi ungali S2, ule upungufu wa tani 30 unabaki palepale.