Adesi na pojo zilizoota: protini na wanga kwa gramu 100, maswali na majibu

Swali: Asalaam alaykum dada. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Mamangu ana sukari, nimeanza kumuoteshea adesi mana nimeambiwa zikiota protini yapanda na wanga washuka. Sasa kwenye jedwali la vyakula naona adesi kavu zina protini karibu 25 kwa gramu 100 na zilizoota zina 9 tu. Mbona imeshuka?

Jibu: Waalaykum salaam mwenzangu. Protini haikwenda popote, kilichoongezeka ni maji. Adesi kavu kwenye kila gramu 100 maji ni kama gramu 8 tu, na zikishaota maji yafika kama gramu 67. Ni sawa na kutia maji kwenye sharubati ya ukwaju, ukwaju ni ule ule ila kila glasi imekuwa nyepesi.

Tufanye hesabu ya sufuria yako mwenyewe ndo utaona vizuri. Chukua gramu 200 za adesi kavu, kikombe kimoja kikubwa hivi. Hapo una protini kama gramu 50. Ukiziroweka usiku kucha, asubuhi ukizichuja na kuzipima zitakuwa karibu gramu 400, yaani zimekunywa maji karibu sawa na uzito wao, na protini bado ni ile 50, lakini ukiigawa kwa gramu 100 wapata 12 na nusu. Ziache siku mbili zitoe vimikia, uzito wafika kama 550, gawa tena, yaja 9. Namba yashuka kila hatua na hakuna hata punje moja iliyotoka sufuriani. Mkiwa watu watano mezani kila mmoja ashakula gramu 10 za protini, ziwe zimeota au hazikuota.

Na angalia kitu kimoja ambacho watu wengi wanakipita kwenye hayo majedwali: adesi zilizochemshwa bila kuota nazo ni protini 9 kwa gramu 100. Tisa kwa tisa. Kwa nini? Kwa sababu zikichemshwa pia zanywa maji, yafika karibu gramu 70. Kwa hiyo usilinganishe zilizoota na kavu, mana hakuna anayekula adesi kavu, linganisha zilizoota na zilizopikwa, hapo ndo utaona kwamba tofauti yenyewe ni ndogo sana.

Swali: Lakini huyo aliyeniambia protini yapanda amesoma, hawezi kuzua. Ameitoa wapi?

Jibu: Hakuzua. Kuna watu wanapima baada ya kukausha maji yote, na wakipima hivyo protini yaonekana imepanda kidogo. Chukua pojo. Ukitoa maji yote kabisa, gramu 100 za pojo ambazo hazikuota zina protini kama 26, na zile zilizoota hadi zikawa na mikia mirefu meupe zina kama 32. Hapo namba imepanda kweli. Ila sababu yake ni kwamba punje ikianza kuota yapumua, na ikipumua yachoma wanga wake kupata nguvu ya kusukuma mzizi. Wanga unapungua kidogo, protini yabaki pale pale, kwa hivyo fungu la protini kwenye kilichobaki laonekana kubwa. Punje haikutengeneza protini mpya, mana protini yahitaji naitrojeni na kwenye maji ya kisima au ya bomba hakuna naitrojeni ya maana ya kuipa.

Kwa hivyo ukisoma mahali kwamba kuotesha kwaongeza protini, uliza kwanza wamepima zikiwa na maji ama zimekaushwa. Hizo pojo za mikia mirefu ukizipima vile zilivyo, maji yakiwa ndani, zina protini 3 tu na wanga kama 6 kwa gramu 100, mana maji peke yake ni 90. Ili upate protini ya gramu 100 za pojo kavu yabidi ule karibu gramu 800 za hizo, na hilo ni beseni zima, sio bakuli.

Swali: Sasa wanga je? Naweza kumpa mama adesi zilizoota kwa wingi zaidi bila kuhofia sukari?

Jibu: Hapa ndo nataka unisikize sana, mana watu wa sukari wanaumia kwa kuamini namba ya gramu 100 bila kuangalia sahani. Rudi kwenye ile sufuria ya gramu 200. Kavu zilikuwa na wanga kama gramu 126, pamoja na nyuzinyuzi ndani yake. Zikishaota siku mbili zimebaki na kama 120. Mkigawana watu watano, mama badala ya kula gramu 25 za wanga amekula 24. Hiyo gramu moja glukomita haitaiona. Ukimpa bakuli mbili kwa sababu umeambiwa zilizoota ni salama basi umempa 48, na hiyo glukomita itaiona vizuri tu.

Zile pojo za mikia mirefu ndo wanga wake umepungua wa kuonekana, kwanza umechomwa siku nyingi, tena maji ni mengi mno, bakuli zima lina wanga kidogo sana. Lakini hiyo ihesabu kuwa mboga, kwenye fungu moja na mchicha na kabichi, usiihesabu kuwa kitoweo cha protini. Wengi wanakosea hapo, wanatoa samaki au maharagwe mezani wanaweka pojo ndefu wakidhani wamebadilisha protini kwa protini.

Njia rahisi ya mama ni hii: pima adesi zikiwa kavu, kabla ya kuroweka. Sema gramu 40 kavu kwa mlo wake mmoja, halafu roweka, otesha, pika utakavyo, namba haitakuchanganya tena. Mpime sukari saa mbili baada ya kuanza kula, siku moja ale zilizoota na siku nyengine zisizoota, kiasi kile kile na wali au mkate ule ule, mwili wake wenyewe utakujibu. Na dawa zake zisipunguzwe kwa sababu ya adesi bila daktari kusema.

Swali: Kama protini na wanga ni karibu vile vile, basi kuotesha nijisumbue kwa nini?

Jibu: Kwa tumbo na kwa damu. Adesi, pojo na kunde zina sukari fulani ambazo utumbo wetu hauwezi kuzivunja, zafika chini bakteria wazichachusha, ndo gesi. Ukiroweka ukamwaga yale maji sehemu yake yaondoka, na zikiota punje yenyewe yazitumia. Mzee ambaye hula mbaazi akakesha na tumbo atasikia tofauti. Pia kuna fitati, kitu ndani ya punje kinachoshika chuma na zinki visiingie mwilini, nayo yapungua zikiota. Chuma hakikuongezeka, ila kinachonyonywa ndo kingi zaidi. Vitamini C nayo yatokea, kwenye punje kavu ni kidogo sana, lakini moto waipunguza, kwa hivyo usizichemshe mpaka ziwe rojo.

Swali: Mimi zangu siku ya pili zanuka na zafanya utelezi. Nakosea wapi?

Jibu: Joto la Lamu na unyevu wetu, mambo yaenda mbio. Maelekezo mengi ya kuroweka saa 12 au zaidi yameandikwa na watu wa baridi, huku saa 8 zatosha, ukizidisha maji yatoa povu na uchachu ushaanza. Zikishavimba, zichuje kabisa, zisikae kwenye maji, mana punje yahitaji hewa na ikizama yafa, halafu inaoza. Zifunike na kitambaa cha pamba safi, ziweke kivulini pahali pana upepo, uzisuuze asubuhi, adhuhuri na usiku, kila mara uzichuje mpaka tone la mwisho.

Maji ya chumvi usitumie. Kama kisima chenu kimeingia chumvi, punje zitachelewa ama hazitaota kabisa, na zikichelewa ndo zaoza, tumia maji matamu hata ya kunywa. Adesi nyekundu zilizokobolewa na kupasuliwa haziwezi kuota hata ufanyeje, tafuta zile nzima zenye ganda. Na mbegu za kupandia zenye rangi ya dawa usile kabisa.

Ukiona unyoya mweupe usitupe kwa haraka. Ukizunguka mkia tu, na ukisuuza unalala na kupotea, hiyo ni mizizi midogo. Ukitanda kutoka punje hii hadi ile, au una kijivu na harufu ya uvundo, hiyo ni kuvu, mwaga zote, usichague nzuri.

Swali: Nina mimba ya miezi mitano, naweza kuzila mbichi na kachumbari?

Jibu: Usile mbichi, dada. Joto na unyevu vinavyootesha punje ndo hivyo hivyo vinavyozalisha salmonela na ikolai, na vidudu vyaweza kuwa ndani ya mbegu tangu shambani, kuosha hakuvitoi. Mwaka 2011 Ujerumani uwatu ulioota, hii hulba yetu, ulileta ikolai iliyougusha watu karibu 4,000 na zaidi ya 50 wakafa. Kwako wewe, na mama mwenye sukari, na watoto wadogo, zipikwe mpaka zichemke ndani kabisa. Adesi zilizoota zaiva kwa dakika 10 hivi, tia tui mwisho.

Maharagwe mekundu ni mbali zaidi, yana sumu ambayo kuota hakuiondoi. Roweka saa 5 au zaidi, mwaga maji, tia mapya, yatokote kwa nguvu nusu saa ndo uendelee kuyapika mpaka yaive.

Swali: Na uji wa kimea cha wimbi kwa mtoto, nao namba zake zashuka?

Jibu: La, mana kimea chakaushwa kabla ya kusagwa. Maji yametoka, kwa hivyo unga wake kwa gramu 100 wakaribiana na unga wa wimbi wa kawaida. Kinachobadilika ni uzito wa uji: kimea chavunja wanga, uji wawa mwepesi. Usidanganyike ukampa mtoto uji wa maji, ongeza unga mpaka urudi kuwa mzito kiasi cha kulika na kijiko, hapo kikombe kile kile chabeba chakula kingi zaidi. Ukitumia mtama badala ya wimbi, ukishaukausha yasugue machipukizi na mizizi yote itoke uyatupe kabla ya kusaga, mana chipukizi la mtama lina kitu kinachotoa sayanaidi, kisha uji uchemke vizuri.