Kaburi la miaka 15: Singapore wanavyozika

*"Nimesikia kwamba Singapore ukizikwa unapewa miaka 15 tu, halafu unafukuliwa. Ni kweli? Na Waislamu wa huko wanakubalije?"*

Ni kweli, tangu tarehe 1 Novemba 1998. Ila wakazi wengi wa kisiwa hicho haliwahusu, kwa sababu wao hawazikwi. Kati ya watu kumi wanaofariki huko, karibu wanane huchomwa moto. Wanaobaki na haja ya kaburi ni wale ambao dini yao hairuhusu kuchoma maiti, Waislamu wakiwa ndio wengi, pamoja na Wayahudi, Waparsi na Wabahai, na baadhi ya Wakristo na Wachina wanaochagua kuzikwa kwa hiari yao.

Ardhi yenyewe ndiyo chanzo. Nchi nzima ina kilomita za mraba zipatazo 735, nao wakazi ni karibu milioni sita. Katika eneo hilo inabidi waingize nyumba, bandari, uwanja wa ndege, mabwawa ya maji na mazoezi ya jeshi. Kwa hiyo makaburi yamekuwa yakihamishwa kwa miongo mingi. Mtaa wa Bishan ulijengwa palipokuwa makaburi ya Wachina wa Kikantoni. Makaburi ya Bidadari, yaliyofungwa mwaka 1972, yalifukuliwa kati ya 2001 na 2006, nayo yalikuwa na makaburi zaidi ya laki moja, ya Wakristo na ya Waislamu. Leo pale pana magorofa ya kuishi. Tunaojua jinsi watu wetu wanavyoogopa hata kujenga choo karibu na kaburi la zamani tunaweza kushangaa, lakini nyumba hizo zilipotangazwa, watu waliziomba kwa wingi.

Leo limebaki eneo moja tu linalopokea maiti wapya, Choa Chu Kang, upande wa magharibi wa kisiwa. Linasimamiwa na mamlaka ya taifa ya mazingira, inayojulikana kwa herufi NEA. Waislamu wana sehemu yao, Wakristo yao, Wachina yao, Wahindu na Wayahudi vilevile. Huwezi kununua kaburi mapema ukaliweka akiba. Unapewa lililo zamu siku ya maziko, na mwenzio anayefuata anapewa la jirani yake.

Tuchukue mfano wa mzee wa Kiislamu anayefariki nyumbani kwake alfajiri. Jambo la kwanza familia inaita daktari, si polisi wala ofisi ya serikali. Daktari akiridhika kwamba kifo ni cha kawaida, anathibitisha sababu yake kwenye mfumo. Tangu tarehe 29 Mei 2022 uthibitisho huo peke yake unatosha kukisajili kifo. Hakuna tena wa kupanga foleni kuandikisha. Wafiwa wanapakua cheti cha kifo mtandaoni, na cheti hichohicho ndicho kinachofungua njia ya maziko. Kama daktari hakuridhika, mathalani mzee alianguka ngazi au alikutwa amefariki na haijulikani kwa nini, basi polisi wanaingia na maiti inapelekwa kuchunguzwa. Hapo ndipo maziko ya siku hiyohiyo yanapoweza kukwama, na hakuna sheikh wala jamaa mwenye cheo anayeweza kuiharakisha.

Mambo yakienda sawa, mtu wa huduma za mazishi ndiye anayeshika kazi. Anawasiliana na ofisi ya makaburi kupata nafasi, analeta waoshaji na sanda, anapanga gari. Maiti inaoshwa, inasaliwa nyumbani au msikitini, na mara nyingi kabla ya magharibi mzee yuko ardhini. Kwa miaka mingi NEA imekuwa ikitoza dola 315 za Singapore kwa kaburi la Mwislamu mtu mzima na dola 140 kwa mtoto. Kwa wengine ada ni dola 940 kwa mtu mzima na 420 kwa mtoto. Dola moja yao ni kama shilingi 100 za Kenya, kwa hiyo kaburi la mzee wetu ni kama shilingi 31,500. Kinachoumiza mfuko si kaburi, ni huduma za mazishi, ambazo hata kwa Waislamu wanaozika bila mbwembwe huzidi ada hiyo mara kadhaa.

Kwa Wachina gharama inapanda kwa sababu msiba wao una siku. Matanga huwekwa siku tatu, tano au saba, hesabu isiwe shufwa. Kwa kuwa wengi wanaishi kwenye magorofa ya serikali, matanga hufanyika chini ya gorofa, kwenye ukumbi wazi wa ghorofa ya chini, na lazima kupata kibali cha halmashauri ya mtaa. Utaona meza za mviringo, maua, jeneza mbele, na wenyeji wakipita pembeni na mifuko ya sokoni kuelekea kwenye lifti. Bili ya msiba wa namna hiyo hufika maelfu ya dola, wakati kuchoma maiti yenyewe katika tanuri la serikali la Mandai kumekuwa kukitozwa dola 100 tu. Kijisanduku cha ukutani cha kuhifadhia majivu ni dola 500. Ukilinganisha bei hizi na ile 940 ya kaburi litakalofukuliwa, huhitaji kuuliza kwa nini Wachina wengi waliacha kuzika.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Tangu 2007 kaburi la Mwislamu huko halichimbwi kama lile tulilolizoea. Safu nzima hutayarishwa mapema kwa kuta za zege zilizounganishwa ardhini, kila vyumba viwili vikichangia ukuta mmoja. Katika makaburi ya kawaida lazima uache ardhi ya kutosha kati ya shimo na shimo, la sivyo kingo zinaporomoka, hasa penye mvua kama ya kwao. Zege linashika kingo, kwa hiyo zile nafasi za katikati, ambazo ukizijumlisha ni ardhi kubwa, zinaokolewa. Zege hilo ni la pembeni tu. Chini pako wazi, na maiti inalazwa juu ya udongo, ikielekezwa kibla, kisha udongo unarudishiwa juu yake. Kama kungekuwa na sakafu ya zege, nadhani mashehe wasingekubali, na isitoshe mwili usingeoza vizuri.

Kuoza ndiko kunakobeba hukumu yote. Waislamu wa Singapore kwa wingi wao ni wa madhehebu ya Shafi, kama walivyo Waislamu wa Lamu, Mombasa na Unguja. Katika madhehebu hayo kulifungua kaburi ni haramu maadamu mwili haujageuka udongo, na muda wa kuoza unakadiriwa na wajuzi wa ardhi ya mahali husika, maana nchi kavu na nchi ya mvua hazilingani. Mwili ukishakwisha, ardhi inaweza kutumika tena. Dharura nayo ina nafasi yake katika fikihi. Kwa msingi huo Baraza la Dini ya Kiislamu la Singapore, MUIS, limeupokea mpango huu, kwa sharti kwamba masalia yazikwe upya kwa heshima, si kuchomwa wala kutupwa. Kwa hiyo jibu la swali la pili si kwamba serikali iliwalazimisha wakanyamaza. Tangu hapo walikuwa na hukumu inayowaruhusu, ingawa moyo wa mtu na hukumu ya fikihi ni vitu viwili, na anayesimama pembeni ya kaburi la mamake siku ya kufukuliwa halisikii jambo hilo kama mas'ala ya kitabuni.

Vilevile miaka 15 ndiyo kiwango cha chini. Siku inapotimia hakuna anayekuja na sururu. Makaburi hufukuliwa kwa mafungu, safu kwa safu, na kazi ilipoanza baada ya sheria kupita walianza na yale ya miaka ya 1970, ambayo wenyewe walikuwa wamelala miaka 30 hivi. Kabla ya hapo tangazo hutolewa na familia huombwa wajiandikishe. Masalia ya Mwislamu hufungwa kitambaa cheupe na kuzikwa upya siku hiyo. Kaburi moja huweza kupokea masalia ya watu hadi wanane, na majina yao yote yanabaki kwenye kumbukumbu. Gharama za kufukua na kuzika upya ni za serikali. Familia inalipa ikiwa tu inataka utaratibu mwingine wa kwake.

Kwa Wachina siku hiyo ina adabu zake. Mifupa haitakiwi kuonwa na jua, kwa hiyo kazi huanza alfajiri au chini ya turubai, na ndugu husimama na mwavuli juu ya shimo. Mifupa husafishwa, huchomwa, majivu yakaenda kwenye kijisanduku. Katika makaburi ya Bukit Brown, ambayo sehemu yake ilikatwa na barabara kuu miaka ya 2010, masalia yaliyokosa mwenyewe yalichomwa, majivu yakahifadhiwa miaka mitatu, kisha yakamwagwa baharini. Kwa anayetaka majivu ya mtu wake yaende baharini tangu mwanzo, mahali pametengwa, kilomita 2.8 kusini mwa kisiwa cha Semakau. Tangu 2021 ipo pia bustani ya kumwaga majivu ndani ya Choa Chu Kang, na humo haziwekwi alama za majina. Mhindu au Mbudha, wote wanaitumia.

Kabla hatujasema kwamba hayo ni ya Asia, tukumbuke kuwa makaburi ya Lang'ata, Nairobi, yalitangazwa kujaa tangu miaka ya 1990 na hadi leo watu wanazikwa humo. Tofauti niionayo ni ya daftari. Choa Chu Kang kila kaburi lina namba, tarehe na jina la mtu wa kuulizwa, ndiyo maana wanaweza kufukua safu nzima na kumpata wa kumwita. Kwetu makaburi mengi, hasa ya mitaani na ya wakfu, yanajulikana kwa kumbukumbu ya wazee: "pale chini ya mwembe, wa tatu kutoka ukutani." Mzee huyo akifa, mchimbaji anaingiza jembe na kukuta mifupa asiyojua ni ya nani.

Hata Choa Chu Kang yenyewe haikusalimika. Mwaka 2017 serikali ilitangaza kuchukua karibu theluthi moja ya eneo hilo ili kupanua kambi ya ndege za kivita ya Tengah, iliyo jirani. Makaburi yaliyoguswa yalikuwa kama 80,500, yakiwemo 45,500 ya Wachina na 35,000 ya Waislamu. Baadhi ya waliokuwemo walizikwa kabla ya 1998, wakati ambapo hakuna aliyewaambia ndugu zao habari ya miaka 15.