Dipoziti ya nyumba Unguja: watu wanavyodhani na ilivyo kweli

Watu wengi wanadhani mwenye nyumba akishataja dipoziti basi imetoka, hairudi nyuma. Si kweli. Dipoziti ni khofu ya mwenye nyumba iliyotiwa bei, anaogopa usije ukahama usiku na kodi yake, au ukamvunjia milango na sinki halafu ukawacha na deni la maji. Umeme hauna neno sana siku hizi maana TUKUZA unanunua mwenyewe kabla. Kwa hiyo ukimpunguzia khofu, na bei inashuka.

Chukua mfano wa nyumba ya vyumba viwili Fuoni, kodi laki mbili kwa mwezi, bimkubwa anataka dipoziti ya miezi miwili, yaani laki nne, na kodi ya mwanzo juu yake, jumla laki sita. Mpangaji anahamia tarehe 1 Januari. Anamwambia, "Shikamoo bimkubwa, kodi ya Januari ntakupa tarehe 20 Disemba usiwaoneshe tena watu wengine, na hii namba ya mwenye nyumba wangu wa Mpendae, mpigie mwenyewe, lakini dipoziti nichukulie laki mbili." Bimkubwa akapiga simu, akarudi akasema atachukua dipoziti laki mbili na nusu. Wakakubaliana, jumla laki nne na nusu badala ya sita. Na ile kodi ya mapema ni pesa ambayo angeilipa tu, kaiwahisha siku chache.

Wengine wanadhani kulipa mapema peke yake kunatosha. Hapo ndipo watu wanapoumia, anatoa kodi kwanza halafu ndo anaanza kuomba apunguziwe, sasa utaombea nini na pesa ishaingia mfukoni? Kubaliana dipoziti kwanza, kisha ulipe. Na risiti iandikwe mistari miwili mbali mbali, "kodi ya Januari 200,000" na "dipoziti 250,000, inarudishwa akihama", maana ikiandikwa 450,000 tupu, siku ya kuhama utaambiwa yote ilikuwa kodi.

Tena kuna wanaodhani mdhamini ni ami yako au rafiki wa barzani. Huyo atakusifu tu, nani hajui? Anayesikilizwa ni mwenye nyumba uliyetoka kwake, akisema kodi ililipwa kwa wakati na nyumba iliachwa salama, au barua ya kazini inayoonesha unalipwa kila mwezi. Sheha wa ulikotoka anaweza kusema unajulikana, ila kuhusu kodi hajui kitu.

Na kabla ya kutoa hata shilingi ya mapema, hakikisha unayempa ndiye mwenye nyumba, si dalali, na kama ni nyumba ya urithi uliza nani katika warithi anayepokea kodi. Nyumba yenye fanicha na AC usitarajie dipoziti kushuka sana, vitu vya kuharibika ni vingi, huko bora uombe kuilipa dipoziti kwa awamu mbili.