Rangi ya chuma si kipimajoto

Nimepata tena ujumbe uleule, safari hii ukiwa na picha mbili na hasira kidogo. Mwandishi wake alitengeneza tindo kwa chuma chenye kaboni nyingi, akaizima majini vizuri, kisha akaitempa, yaani akaipasha tena ili kuipunguzia ugumu isimeguke, kwenye oveni kwa nyuzi 200 za Selsiasi kwa saa mbili. Ilipotoka, ilikuwa na manjano iliyokolea inayoelekea kahawia. Akafungua jedwali la rangi, akaona kwamba rangi hiyo ni ya nyuzi 250 hivi, akahitimisha kwamba oveni yake inadanganya kwa nyuzi 50. Alikuwa tayari amekwisha kukifungua kipimajoto cha oveni ili akitupe. Ndugu yangu, kirudishe mahali pake. Oveni yako ni nzima, na jedwali nalo halina kosa kubwa. Kosa liko katika swali uliloliuliza jedwali.

Niseme kwanza, kwa haraka, kwamba hapa hatuzungumzii mng'ao wa chuma kilichowaka. Wekundu ule hutokana na joto lenyewe, huanza kuonekana gizani karibu na nyuzi 500, na hutoweka chuma kikipoa. Rangi za kutempa huja mapema zaidi, na hubaki pale hata baada ya chuma kupoa kabisa, kwa sababu ni utando wa oksaidi uliojijenga juu ya uso uliosuguliwa ukang'aa. Utando huo wenyewe hauna manjano wala buluu. Mwanga hurudi kutoka juu yake na pia kutoka chini yake, pale unapokutana na chuma, na mawimbi hayo mawili yanapokutana hufutana kwa sehemu. Utando ukiwa mwembamba, wa makumi machache ya nanomita, kinachofutwa ni upande wa buluu wa mwanga, na jicho linabaki na manjano ya nyasi kavu. Ukinenepa, hufutwa kijani, ikaja zambarau. Ukinenepa zaidi, hufutwa manjano na nyekundu, na hapo ndipo buluu inapotokea.

Kwa hiyo rangi inapima unene. Haipimi kitu kingine chochote. Sentensi hiyo nimeiandika mara nyingi kiasi kwamba ninaichoka mwenyewe, lakini watu huisoma, huikubali kwa kichwa, kisha hurudi kwenye jedwali na kusoma nyuzi kana kwamba zimechorwa juu ya chuma.

Unene wa utando hutegemea joto, ndiyo, na hulitegemea sana. Lakini hutegemea pia muda. Jedwali mnalolijua nyote, linaloanza na manjano hafifu kwenye nyuzi 210 hadi 220, manjano iliyokolea karibu na 240, kahawia karibu na 255, zambarau karibu na 275 na buluu kuanzia 290 hadi 310 hivi, lilikusanywa na watu waliokuwa wakipasha chuma kwa dakika chache, wakikitazama, wakakizima rangi ilipofika. Muda umo ndani ya jedwali hilo. Haukuandikwa tu, kwa kuwa kila aliyelitumia alifanya kazi kwa mwendo uleule. Ukichukua kipande kilichosuguliwa vizuri ukakiweka kwenye oveni ya nyuzi 200, ukawa unakichungulia, utaona manjano hafifu kwanza, na ukikiacha itaendelea kukolea ingawa kipimajoto hakijasogea. Mwendo wa kukolea hupungua kadiri utando unavyonenepa, kwa sababu utando wenyewe huizuia hewa kufikia chuma, lakini haukomi.

Hadi hapa wengi hunielewa, kisha hurukia hitimisho la pili, ambalo ndilo hasa limenifanya niandike leo: kwamba ikiwa rangi inategemea muda, basi haina maana, na wahunzi wa zamani walikuwa wakibahatisha. Hapana. Hapa mambo yanavutia kuliko vitabu vinavyokiri, kwa sababu kutempa nako kunategemea muda.

Mwaka 1945 watafiti Hollomon na Jaffe walichapisha namna ya kuunganisha joto na muda wa kutempa katika namba moja, na namba hiyo bado inatumika:

```
P = T × (C + log t)
```

T ni joto kwa kelvini, t ni muda kwa saa, log ni ya msingi wa 10, na C ni namba ambayo kwa kawaida huchukuliwa kuwa 20. Vipande viwili vya chuma kilekile vyenye P moja vitakuwa na ugumu unaokaribiana, hata kama kimoja kilipashwa kwa joto dogo muda mrefu na kingine kwa joto kubwa muda mfupi.

Tuiweke tindo ya rafiki yetu humo. Nyuzi 200 ni kelvini 473. Muda ni saa 2, ambayo log yake ni 0.3. P ni 473 mara 20.3, yaani karibu 9600. Sasa tuulize: mhunzi anayefikisha joto lake kwa dakika moja tu kisha akazima, angehitaji nyuzi ngapi ili apate 9600 hiyohiyo? Dakika moja ni 1/60 ya saa, log yake ni hasi 1.78, kwa hiyo mabano yanakuwa 18.22. Gawanya 9600 kwa 18.22, utapata kelvini 527, ambazo ni nyuzi 254.

Tazama tena picha ya tindo. Jedwali lilisema 250 hivi. Oveni ilisema 200. Vyote viwili vilikuwa vikieleza kutempa kulekule, kimoja kwa lugha ya dakika na kingine kwa lugha ya saa. Rangi ilikosea kuhusu joto, lakini kuhusu ugumu ilikaribia sana ukweli, na ugumu ndio anaoutafuta mtu anayetengeneza tindo.

Nilipofanya hesabu hii kwa mara ya kwanza sikuiamini, nikakata vipande viwili kutoka fimbo moja, nikavizima pamoja, kimoja nikakipeleka kwenye oveni kwa saa mbili na kingine nikakipasha juu ya bamba la moto hadi rangi zikafanana. Nikavikwaruza kwa tupa kupima ugumu, nayo haikuniambia tofauti yoyote. Tupa, hata hivyo, ni shahidi asiye na macho makali. Tofauti ndogo ya ugumu haiwezi kuiona, na sitaki mtu anukuu kipimo changu kama sheria.

Ninakiri pia kwamba ulinganifu huu haunitulizi kabisa. Kutempa ni kaboni kutembea ndani ya chuma, na kunenepa kwa utando ni jambo la usoni. Hakuna sababu ya msingi inayovilazimisha viende sambamba. Katika eneo hili la joto vinakaribiana, na ninashuku kwamba sehemu yake ni bahati njema. Hata ile C ya 20 si namba takatifu: kwa vyuma vyenye kaboni nyingi wengine hutumia 15, na ukiiweka 15 katika hesabu ile, jibu linapanda kutoka nyuzi 254 hadi 274. Hizo ni nyuzi 20 za shaka ndani ya namba inayoonekana safi sana kwenye karatasi, na ni pengo lilelile linalotenganisha kahawia na zambarau.

Pale rangi inapotawala bila mshindani ni kwenye tindo inayotempwa kwa joto lake yenyewe. Unapasha kama sentimita 7 za ncha hadi wekundu wa karibu nyuzi 790, unazamisha sentimita 3 tu majini huku ukiipandisha na kuishusha, ili mpaka wa maji usikae mahali pamoja ukaleta ufa, kisha unaitoa na kuisugua haraka kwa msasa hadi ing'ae. Joto lililobaki kwenye shina huanza kutembea kuelekea kwenye makali, na rangi hutembea nalo kwa mstari: manjano hutangulia, nyuma yake kahawia, kisha zambarau, na buluu mwishoni, karibu na shina. Wengi huharibu hapa kwa kutazama mahali pasipofaa. Huona buluu nzuri sentimita 2 nyuma ya makali, wakazima, na kumbe makali yenyewe bado ni ya manjano na yatameguka yakikutana na chuma. Tazama ukingo wenyewe. Zambarau ikifika hapo, zima. Ukumbuke pia kwamba makali ni membamba, kwa hiyo rangi iliyokuwa ikijikokota kwenye unene wa shina hukimbia inapofika mwisho, na kati ya kahawia na buluu waweza kuwa na sekunde chache tu. Ukiikosa, ukiona buluu, kusugua rangi hakurudishi ugumu. Utando utaondoka, lakini chuma kilicho chini yake tayari kimelainika, na itabidi uanze tena kwenye wekundu.

Kuna mambo mawili ambayo jedwali hayalihusu kabisa. La kwanza ni chuma ambacho hakikuzimwa. Chuma laini cha kawaida hupata buluu ya kupendeza kabisa, na hakuna kilichotempwa ndani yake, kwa kuwa hapakuwa na ugumu wa kupunguza. La pili ni chuma kisichoshika kutu. Kromi iliyomo hujenga utando wake wenyewe unaochelewesha oksaidi, na manjano ambayo kwenye chuma cha kaboni ingekuja karibu na nyuzi 220 yaweza kusubiri hadi karibu 300 au zaidi, na buluu ikangoja hadi kupita 500. Anayetempa kisu cha aina hiyo kwa kufuata jedwali la kaboni atapitiliza mbali sana kabla hajaona rangi aliyokuwa akiingoja. Kwa vyuma hivyo tumia oveni na saa, na rangi uiache kama pambo.

Alama ya kidole ni jambo dogo, lakini ndiyo iliyoniletea barua pepe nyingi kuliko kromi. Mafuta ya ngozi hubadilisha jinsi utando unavyojijenga, na doa la zambarau katikati ya manjano halina maana kwamba mahali hapo palipata joto zaidi. Palishikwa.

Basi kwa mwenye tindo: iache ilivyo, ijaribu kwa tupa kwenye makali, kisha ipige juu ya chuma laini mara ishirini. Ikimeguka, irudishe kwenye oveni kwa nyuzi 230 kwa saa nyingine mbili. Itatoka ikiwa na rangi iliyokolea zaidi ya ile ambayo jedwali linaitaja kwa 230. Usiniandikie.