Weupe wa chujio hauthibitishi kwamba ni la kauri

Juma lililopita nimepokea tena picha ya chujio la maji la nyumbani ikiwa na swali lile lile: "Shikamoo fundi, hili si la kauri? Nimeliona ni jeupe." Nimekwisha kujibu swali hili mara nyingi mno kwa sauti za simu, na kila mara aliyeuliza alikuwa na kanuni yake kichwani, kwamba jeupe ni kauri, jeusi ni mkaa, na lenye makopo matatu ukutani ni mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwa presha kupitia utando unaozuia chumvi. Kanuni hiyo ni mbovu katika sehemu zake zote tatu, na kwa sisi tunaokunywa maji ya upande huu wa Arusha inaweza kumfanya mtu aamini kwamba meno ya mtoto wake yamekingwa na floraidi, madini yaliyoyeyuka katika maji yetu ambayo yakizidi huharibu meno, ilhali hayajakingwa.

Nianze na weupe, kwa kuwa ndio unaopotosha zaidi. Katriji ya kwanza katika kopo la kuona ndani mara nyingi ni nyuzi za plastiki zilizoshindiliwa, nayo ni nyeupe kama pamba, lakini kazi yake ni kushika tope tu. Katriji ya kaboni iliyoshindiliwa hufungwa kwa kitambaa cheupe na kuvishwa wavu mweupe wa plastiki, kwa hiyo weusi wake hauonekani hata kidogo mpaka uikate kwa msumeno. Kaboni ya chenga nayo hutiwa ndani ya bomba la plastiki jeupe lililofungwa pande zote. Kwa hiyo katika picha moja unaweza kuona vitu vitatu vyeupe vilivyosimama pamoja, na kisiwepo hata kimoja cha kauri.

Tazama uso wa kitu chenyewe, uache rangi. Kauri haing'ai, ina uso mkavu kama chaki, hauna mshono, na kipande chake cha kuchujia, tunachokiita mshumaa, karibu kila mara kina kichwa cha mviringo kama kuba, huku chini kukiwa na shina lenye nyuzi za kufungia nati na washa ya mpira. Ukiukuza mshumaa katika picha ya chujio lililokwisha kutumika, utaona rangi ya kahawia imetanda juu yake, na pengine mikwaruzo ya brashi, kwa sababu mshumaa husuguliwa kila unapoziba. Katriji ya kaboni iliyofungwa huonyesha vijicho vya wavu na mshono wa kitambaa unaoshuka kwa urefu. Nyuzi za plastiki zilizoshindiliwa huwa na manyoya madogo, na nyingine zina mifereji iliyozunguka. Kama picha haikupigwa karibu kiasi cha kuonyesha mambo hayo, mimi sitoi jibu, naomba picha nyingine.

Jambo la pili ninalotazama si chujio, bali ni kile kinachosukuma maji. Mshumaa wa kauri wa nyumbani huishi kati ya ndoo mbili zilizopandana, na maji hushuka kwa uzito wake tu. Ukiwa mpya na safi hutoa kama lita moja au mbili kwa saa. Utando wa RO hauwezi kufanya kazi hivyo kamwe. Matundu yake ni madogo kiasi cha kuzuia chumvi iliyoyeyuka, kwa hiyo unadai presha, na presha hiyo hutoka kwenye mtandao wa maji wenye nguvu au kwenye pampu yenye waya wa umeme. Tena hutoa maji ya aina mbili, safi na yale yaliyobeba chumvi iliyokataliwa, na hayo ya pili lazima yawe na mrija wake unaokwenda kwenye sinki au kwenye mfereji. Mrija huo ndio ninaoutafuta kabla ya kitu kingine chochote. Makopo matatu ukutani yasiyo na mrija wa maji ya kutupwa, hata kama yameandikwa maneno makubwa kiasi gani, si RO.

Kuna utando wa aina nyingine unaonisumbua, nao ni ule wa mirija myembamba kama tambi, iliyokunjwa na kujazwa ndani ya bomba. Huu huzuia bakteria, na ule wenye matundu ya karibu maikroni 0.02 huzuia pia virusi vingi, lakini chumvi na floraidi hupita bila kizuizi. Unaweza kufanya kazi kwa maji yanayoshuka yenyewe tu kutoka juu, na hauhitaji mrija wa kutupa kila wakati. Bomba lake likiwa halionyeshi ndani, sina namna ya kulitofautisha na bomba la kaboni ya chenga kwa picha, na sitajifanya ninayo. Hapo nategemea maandishi ya pembeni: UF ni utando huo, GAC ni kaboni ya chenga, CTO ni kaboni iliyoshindiliwa, PP ni nyuzi za plastiki. Kibandiko kikiwa kimebanduka, picha imefika mwisho wake.

Sasa nirudi kwa picha iliyonifanya niandike. Mama aliyeituma anaishi Usa River. Chombo chake ni cha plastiki chenye koki chini. Katika sehemu ya juu kuna kuba jeupe, na chini ya kuba linaning'inia kopo la kuona ndani lenye tabaka za chenga nyeusi, mchanga mweupe na vijiwe vya rangi. Hakuna waya, hakuna mrija wa kutupa, na maji hushuka yenyewe. Kwa hiyo RO imeondoka katika hesabu. Kuba halina mshono wala wavu, na lina duara la kahawia pale maji yanapoishia, kwa hiyo hilo kweli ni kauri, na kwa kukisia kwake alikuwa sahihi. Kauri hiyo hushika tope na bakteria kama haina ufa, lakini virusi, vilivyo vidogo kuliko matundu yake, huweza kupita.

Tatizo lilikuwa chenga nyeusi. Muuzaji alimwambia kwamba "mkaa" huo unaondoa floraidi, na mama huyo alikuwa na sababu ya kuamini, kwa kuwa huku kwetu watu wamesikia habari za kituo cha Ngurdoto, ambako floraidi huondolewa kwa mkaa wa mifupa. Mkaa wa mifupa ni jambo jingine kabisa. Floraidi hushikwa na madini ya mfupa yaliyobaki baada ya kuchomwa, wala si na kaboni. Kaboni amilifu ya vifuu vya nazi, ambayo ndiyo hutiwa katika vyombo vya namna hii, hushika klorini, harufu na ladha mbaya, lakini kwa floraidi haina msaada wa kutegemewa. Chenga hizi mbili zikiwa zimelowa ndani ya plastiki, zote ni nyeusi, na hata mimi nikiwa na picha nzuri siwezi kuapa ni zipi.

Nilimwomba achomoe kopo, alipige picha upande wa chini, na atafute jina la chenga hizo kwenye karatasi ya maelekezo. Karatasi ilitaja kaboni amilifu, na haikutaja mifupa wala floraidi mahali popote. Nikamwomba pia alowanishe mshumaa, auzamishe ndani ya maji, na apulize kwa mdomo kupitia shina kwa kutumia mrija safi. Mapovu yanayotoka kwa mfululizo mahali pamoja huonyesha ufa au gundi iliyoachia. Hayakutoka. Basi chombo chake ni kizima kwa kazi ya kauri, na kinapunguza ladha ya klorini, ila maji ya kunywa ya mtoto nimemshauri ayapeleke maabara katika chupa mbili, ya kabla na ya baada ya kuchujwa, apimiwe floraidi, akilinganisha matokeo na kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Mpaka majibu yatakapotoka, anamchotea mtoto maji ya mvua aliyoyakinga kwenye simtanki, ambayo floraidi yake ni ndogo sana, na hayo ndiyo anayoyapitisha kwenye kauri yake.